Tanuri Lisipitilize Joto

Mwokaji anapandisha tanuri la umeme kutoka nyuzi 180 hadi 200. Kidhibiti cha PID kinaona pengo la nyuzi 20, kinasukuma kwa nguvu, na joto linapitiliza. Kukilegeza chote kungesaidia, lakini mlango ukifunguliwa joto lingechelewa kurudi.

Dawa ni kupunguza uzito wa lengo, r, katika sehemu ya P pekee:

`P = K(b·r − y)`

b ikiwa 0.4, badiliko la nyuzi 20 linasukuma kama 8. Sehemu ya I inabaki na pengo kamili, hivyo 200 itafikiwa, ila polepole kidogo. Mlango ukifunguliwa, kinachoshuka ni y, joto lililopimwa, ambalo b hailigusi. Msukumo ni uleule. Joto likiyumbayumba hata baada ya mlango kufungwa, usiilaumu b: rekebisha K na I.