Magunia matano yamekwenda wapi?

Picha mbili ziliingia WhatsApp usiku, zimepigwa kwenye simu ya baba. Ni jedwali la shamba: tarehe, maelezo, kiasi, bei, jumla. Chini yake swali moja tu: "Mwanangu, nimepata au nimepoteza?"

Tuchukue mfano huo. Mkulima yuko Kilosa, mkoani Morogoro, analima mahindi ekari mbili. Binti yake yuko Dar es Salaam na ana programu ya Excel kwenye simu. Wengi wanaoandika kumbukumbu za shamba huishia hapo alipoishia baba huyu: mistari ipo, jibu halipo. Na kwa kuwa kilichotumwa ni picha ya skrini, namba zake haziwezi kujumlishwa mpaka zitolewe kwenye picha.

Excel ya simu ina kitufe cha `Data from Picture` kinachosoma jedwali kwenye picha na kulimwaga kwenye visanduku. Kinafaa pale mistari inapokuwa mia moja. Kwa mistari kumi na mitano kama ya Kilosa, kuandika kwa mkono ni dakika kumi, na mwandishi huona kila namba inavyopita. Vyovyote vile, binti alitumia kitufe, akapata mistari kumi na sita.

Mmoja ulikuwa wa ziada. Picha ya kwanza iliishia kwenye "kupukuchua magunia 24, 72,000", na ya pili ikaanzia hapohapo, kwa sababu baba alipovuta skrini juu hakuivuta yote. Kosa hili ni la kawaida sana kwa jedwali lililogawanyika picha mbili, na dawa yake ni kulinganisha mstari wa mwisho wa picha ya kwanza na wa kwanza wa picha ya pili.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Kwenye mstari wa urea baba aliandika "140,000/=", kama tulivyozoea kuandika fedha kwenye daftari. Kompyuta ikiona ile alama ya mwisho huona maneno, haioni namba. Na fomula ya kujumlisha ikikutana na maneno hailalamiki, inaruka tu. Faida ingeonekana kubwa kwa shilingi 140,000 bila mtu yeyote kushtuka. Dalili ipo machoni: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Binti alihakikisha kwa kuhesabu visanduku vyenye namba:

```
=COUNT(E2:E16)
```

Jibu lilikuja 14, wakati mistari ni 15. Akafuta ile "/=", likawa 15. Kisha akazidisha kiasi kwa bei katika kila mstari ili kuona kama jumla iliyoandikwa inakubali. Hapo ndipo 3 iliyosomwa kama 8 hukamatwa.

Mpaka hapo ilikuwa kazi ya macho. Kazi ya akili ilianza kwenye safu mbili alizoziongeza mwenyewe: Msimu na Aina. Aina ni rahisi, kila mstari ama ni gharama ama ni mauzo. Msimu ndio unaowapotosha watu, kwa sababu huwa wanaufuata kwa tarehe. Baba alivuna Agosti, akauza magunia 10 palepale kwa shilingi 60,000, akaweka mengine ghalani kusubiri bei. Novemba akauza 9 kwa 85,000. Wakati huo vuli ilikuwa imeshaanza, na yeye alikuwa ameshanunua mbegu za maharage na kulipa vibarua, jumla 112,000.

Ukigawa kwa tarehe, mauzo ya Novemba pamoja na nauli yake yanahamia vuli. Masika inabaki na mauzo ya 600,000 dhidi ya gharama za 992,000, yaani hasara ya 392,000, na maharage ambayo hayajatoa hata ua yanaonekana yameleta utajiri. Mstari hufuata zao lililozaa fedha hiyo, hata kama fedha imeingia miezi mitatu baada ya mavuno. Vivyo hivyo kodi ya shamba iliyolipwa Januari ni ya masika, ingawa mvua hazijafika.

Safu hizo zikishajazwa, fomula moja inatosha:

```
=SUMIFS(E2:E16,F2:F16,"Masika",G2:G16,"Gharama")
```

Ikatoa 1,019,000. Ndani yake mna kodi ya shamba 100,000, trekta 120,000, mbegu 160,000, DAP 150,000, kupanda 60,000, palizi 80,000, urea 140,000, kuvuna 80,000, kupukuchua 72,000, na nauli mara mbili, 30,000 na 27,000. Ukibadilisha neno "Gharama" kuwa "Mauzo" unapata 1,365,000. Kuna jaribio dogo la kujiridhisha: gharama za masika ukijumlisha na 112,000 za vuli lazima zilingane na gharama zote za jedwali, 1,131,000. Zikipishana, kuna mstari haukupewa msimu, au "Masika" imeandikwa "Maska" mahali fulani.

Basi faida ya fedha taslimu ni 346,000. Wengi wangefunga simu hapo. Binti alirudi kwenye mstari wa kupukuchua: magunia 24. Yaliyouzwa ni 19. Akapiga simu.

"Shikamoo baba. Magunia matano yamekwenda wapi?"

"Marahaba. Mwanangu, si ndiyo tunayokula?"

Hayakuandikwa popote kwa sababu hayakuleta hela. Lakini yasingekuwapo, familia ingenunua unga dukani. Kwa bei ya Agosti, siku mahindi hayo yalipoingia ghalani, yana thamani ya 300,000, na faida ya shamba inakuwa 646,000, sawa na 323,000 kwa ekari. Zote mbili ni namba za kweli, ila zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inasema mfukoni kuna nini, ya pili inasema shamba limezaa nini. Kuzichanganya ndiko kunakomfanya mtu aseme kilimo hakilipi huku ghala lake limejaa.

Jibu hilo la simu lingeweza kuwa tofauti. Kama magunia kumi ya Agosti yangekuwa lumbesa, debe saba badala ya sita, basi ghalani yangetoka madebe 70, yaani karibu magunia 12 ya kawaida. Chakula cha nyumbani kingebaki magunia matatu na kitu, na jedwali lingeendelea kuonyesha 10. Kwa hiyo kwenye safu ya kiasi neno "gunia" peke yake halitoshi. Liandikwe na idadi ya madebe, au kilo kama kuna mizani.

Hesabu hii haikugusa siku ambazo baba na mama walipalilia wenyewe, wala uchakavu wa jembe na bomba la dawa. Ukiwalipa hata ujira wa kibarua wa kijijini, ile 646,000 inapungua.

Kabla ya kulala binti alituma ujumbe mmoja, akiacha fomula zake kwenye simu yake. Gharama za masika aligawanya kwa magunia 24, akapata karibu 42,500. "Baba, gunia moja limekugharimu elfu arobaini na mbili na mia tano. Akija mnunuzi na elfu arobaini, mwambie arudi na hela zake."