Kwa nini namba iliyofungwa kwa RSA hurudi ilivyokuwa

Saa kumi jioni ukiongeza saa tano hupati saa kumi na tano. Unapata saa tatu usiku. Umegawa kwa 12, ukashika baki. RSA, njia ya kufunga siri iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakiwa MIT, Marekani, hufanya hesabu hiyohiyo ya mabaki, ila saa yake ina alama nyingi mno. Hapa tutatumia saa ndogo yenye alama 33, kuanzia 0 hadi 32.

Namba 33 ni zao la namba tasa mbili, 3 na 11. Kati ya 1 na 33, ondoa vigawe vya 3 na vya 11. Zinazobaki ni (3 − 1) × (11 − 1) = 20, na idadi hiyo huitwa totienti ya 33, huandikwa φ(33). Ufunguo wa umma tuuchague uwe 3, maana hauna kigawo cha pamoja na 20. Ufunguo wa siri ni namba ambayo ukiizidisha kwa 3 kisha ukagawa kwa 20, baki ni 1. Namba hiyo ni 7, kwa kuwa 3 × 7 = 21.

Tufunge ujumbe 4. 4³ ni 64. Toa 33, unabaki na 31. Mpokeaji anatafuta baki la 31⁷. Haina haja ya kuhangaika: 31 ni 33 kasoro 2, basi tumia −2. (−2)⁷ ni −128. Ongeza 132, ambayo ni 33 mara nne, unapata 4. Ujumbe umerudi.

Umerudi kwa nini? Kufunga kisha kufungua ni kupandisha ujumbe m hadi kipeo cha 3 × 7, yaani m²¹, ambayo ni m²⁰ × m. Ikiwa m²⁰ inaacha baki 1, kazi imekwisha. Angalia vizuri: mabaki yanazunguka kwa 33, lakini vipeo vinazunguka kwa 20. Ndiyo maana ufunguo wa siri unatafutwa kwa totienti, si kwa 33 yenyewe.

Kwamba 4²⁰ inaacha 1, Euler anatuonyesha hivi. Panga zile namba 20, kisha zidisha kila moja kwa 4: 1 inakuwa 4, 2 inakuwa 8, 10 inakuwa 40, yaani 7. Hakuna mbili zitakazoangukia mahali pamoja. Kama 4a na 4b zingekuwa na baki moja, 33 ingegawa 4(a − b) bila baki. Na kwa kuwa 4 haina kigawo cha pamoja na 33, ingebidi 33 igawe a − b, jambo lisilowezekana kwa namba mbili tofauti zilizo chini ya 33. Basi orodha ni ileile, imechanganywa tu. Zao la orodha ya kwanza likiwa P, la pili ni 4²⁰ × P, na mabaki yao ni sawa. P nayo haina kigawo cha pamoja na 33, kwa hiyo tunaifuta pande zote. Inabaki 4²⁰ sawa na 1.

Wengi huishia hapo, lakini uthibitisho una tundu. Alama 13 za saa yetu hazimo katika orodha ile. Chukua 6: vipeo vyake vyote vinagawanyika kwa 3, hivyo 6²⁰ haiwezi kuacha baki 1. Hata hivyo, 6³ ni 216, baki 18. Na ukifanya hesabu ya 18⁷ baki ni 6. Imerudi!

Dawa ni kuipima kila namba tasa peke yake. Kwa 11, ambayo haigawi 6, totienti ni 10. Basi 6¹⁰ inaacha 1, na 6²¹ inaacha 6. Kwa 3, 6 na 6²¹ zote zinaacha 0. Kwa hiyo 6²¹ − 6 inagawanyika kwa 3 na pia kwa 11. Hizi ni namba tasa tofauti, basi inagawanyika kwa 33. Hoja hii inaishika m yoyote, iwe imo katika orodha au haimo.

Masharti mawili yamejificha humo. Ujumbe lazima uwe chini ya 33: ukifunga 37, utafungua 4. Na namba tasa zisiwe moja iliyorudiwa. Jaribu 3 × 3 = 9, totienti 6, funguo zote mbili 5, maana 25 ukigawa kwa 6 inaacha 1. Funga 3: 3⁵ ni 243, ambayo ni 9 mara 27, baki 0. Na 0 ukiipandisha kwa kipeo chochote, 3 hairudi.