Uwatu na Kafuri: Tahadhari kwa Mjamzito na Mama Anayenyonyesha

Uwatu ukitiwa kidogo katika mchuzi kama kiungo hauna madhara yanayojulikana kwa mjamzito. Mambo hubadilika pale mbegu hizo zinapotumiwa kama dawa. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 3 hadi 4, hivyo anayekunywa vijiko vitatu au vinne kwa siku huweza kupita gramu 10. Majaribio ya maabara kwa wanyama yameonesha kuwa dondoo za uwatu zaweza kuamsha mikazo ya mji wa mimba. Ndiyo sababu mjamzito hushauriwa kutoutumia kwa wingi huo.

Baada ya kujifungua, uwatu hupikwa katika uji ili kuongeza maziwa. Tatizo ni kwamba uwatu pia hushusha sukari ya damu. Chukua mfano wa mama mwenye kisukari anayechoma insulini, ambaye ameanza kunywa uji wa uwatu asubuhi na jioni. Akitetemeka, akitokwa na jasho jembamba na kuhisi kizunguzungu, hayo yasidhaniwe kuwa uchovu wa uzazi. Apimwe sukari mara moja. Ikiwa imeshuka, apewe kinywaji chenye sukari, asitishe uwatu, na kipimo cha insulini kiangaliwe upya na daktari. Anayetumia warfarini naye auepuke, kwa kuwa damu yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Uwatu hutoa pia harufu ya sukari iliyoungua katika jasho na mkojo. Mtoto ambaye mama yake aliutumia karibu na uchungu huweza kuzaliwa na harufu hiyo, nayo hufanana na ile ya ugonjwa adimu wa kurithi ambamo mwili hushindwa kuvunja baadhi ya asidi amino. Mkunga amuulize mama kuhusu uwatu, lakini jibu la ndiyo lisimtulize kabla ya kumtazama mtoto. Anayekataa kunyonya, anayetapika au aliyelegea apelekwe hospitali akapimwe damu.

Kwa upande wa mafuta, la kuhofiwa zaidi ni kafuri, yaani karafuumaiti, iliyomo katika dawa nyingi za kuchua na za kupaka kifuani. Kafuri hupenya ngozi na kondo la nyuma, na ini la mtoto mchanga halijakomaa kiasi cha kuiondoa upesi. Ikipakwa kwenye matiti, mtoto huilamba na kuivuta puani. Akiimeza, degedege laweza kuanza ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mjamzito asiitumie, anayenyonyesha asiipake kifuani, na mtoto mchanga asipakwe puani wala kitovuni. Aliyeimeza asitapishwe, awahishwe hospitali pamoja na chupa au kopo la dawa hiyo.