Barua ya Karibu Saluni: Nusu Saa, Arbuni na Tarehe ya Kufumua

Ijumaa asubuhi, kwenye saluni za kusuka za Sinza jijini Dar es Salaam, simu za wasusi huingia ujumbe uleule: "Niko njiani dada." Maneno hayo matatu yana maana nyingi. Mtumaji anaweza kuwa mlangoni, anaweza kuwa amekwama kwenye foleni ya Ubungo, na anaweza kuwa bado yuko bafuni. Msusi hana namna ya kujua. Anachojua ni kwamba kiti kiko wazi na saa zinakwenda.

Ndiyo maana saluni zinazofanya kazi kwa miadi humtumia mteja mpya barua ya karibu kabla hajakanyaga mlangoni. Huwa ni ukurasa mmoja tu kwenye simu, wenye salamu, kanuni za kuchelewa, maelezo ya fedha ya kutanguliza na utaratibu wa kurudi kwa matunzo baada ya kusukwa. Wateja wengi huisoma kama onyo. Lakini ikiandikwa vizuri, barua hiyo ni hesabu iliyowekwa mezani, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tuchukue msusi mmoja mwenye kiti kimoja, anayesuka mtindo usio na fundo, ule ambao mjini unaitwa notlesi. Katika mtindo huu msusi huanza na nywele za mteja mwenyewe, kisha huongeza rasta kidogo kidogo kadiri mkono unavyoshuka. Shina halibebi fundo, kichwa kinakuwa chepesi, ila kazi ni ya polepole. Kwa ukubwa wa kati huchukua takriban saa 5. Msusi huyu akipanga mteja wa kwanza saa 3 asubuhi, atamaliza saa 8 mchana. Wa pili anapangiwa saa 8:30. Katikati pamebaki nusu saa ya kula, kufagia na kunyoosha mgongo.

Mteja wa kwanza akichelewa dakika 15, msusi atakula haraka haraka. Akichelewa dakika 50, msusi hatakula kabisa, na mteja wa pili, aliyefika kwa wakati wake, ataketi kwenye benchi dakika 20 akisubiri kosa la mtu asiyemjua, kisha atoke saa 1:50 usiku badala ya 1:30. Kutokana na hesabu hiyo, saluni yetu ya mfano inaweza kuandika hivi: hadi dakika 15, hakuna neno. Kutoka hapo hadi dakika 30, kazi inaanza, lakini mteja atachagua misuko minene zaidi au mifupi zaidi ili imalizike ndani ya muda, na bei itashuka kulingana na mtindo aliochagua. Zaidi ya dakika 30, miadi inahamishiwa siku nyingine. Nusu saa hiyo ndiyo mapumziko ya msusi, na hana nyingine ya kutoa.

Barua nyingi huishia hapo, na hapo ndipo zinapokosea. Hazisemi kufika ni nini. Mteja anaweza kuingia saa 3 kamili, ameshika pochi na tabasamu, kumbe chini ya kilemba ana misuko ya miezi miwili ambayo bado hajafumua. Kufumua peke yake kunaweza kula saa 2, halafu kuna kuchana, kuosha na kukausha kwa draya. Kwa msusi, mteja huyo amechelewa kuliko yule aliyekwama Ubungo. Barua iliyofikiriwa huandika wazi: "Njoo umefumua, umeosha, umekausha na kuchana hadi ncha, bila mafuta mazito. Ukitaka tukufanyie sisi, tuambie siku unayopanga miadi ili tukutengee muda wake." Mstari huo mmoja huokoa ugomvi mwingi.

Kuna na suala la saa yenyewe. Mswahili akiandikiwa "saa 3" anaelewa ni asubuhi, jua limeshapanda. Simu yake, hata hivyo, inaonyesha 9:00, na kalenda ya simu haijui Kiswahili cha saa. Mteja aliyekulia nje, au jirani kutoka Nairobi aliyezoea kuweka miadi kwa saa za Kizungu, anaweza kuingiza 3:00 kwenye simu na kutokea alasiri akiwa na amani moyoni. Kwa hiyo barua iandike vyote viwili: saa 3 asubuhi, yaani 9:00 kwenye simu.

Sasa fedha. Kiswahili kina neno la zamani na zuri kwa fedha ya kutanguliza, nalo ni arbuni, lililotoka Kiarabu. Ni fedha anayotoa mnunuzi ili kitu asiuziwe mwingine. Akikamilisha ununuzi inahesabiwa ndani ya bei, akighairi mwenyewe inabaki kwa muuzaji. Mafakihi wa Kiislamu wamebishana juu yake kwa karne nyingi: madhehebu ya Hanbali yanaikubali, wengi wa wengine wanaikataa kwa sababu muuzaji anakula mali ya mtu bila kumpa kitu. Mabishano hayo ndiyo yanayorudi saluni kila wiki, kwa sauti ya juu zaidi.

Jibu la msusi ni kwamba mteja amepewa kitu: saa 5 ambazo mwingine amenyimwa. Tuseme mtindo ni shilingi 60,000 na arbuni ni 20,000. Mteja asipotokea, msusi amepoteza 60,000 na kubaki na theluthi yake. Lakini mteja akighairi siku tatu kabla, kiti kinaweza kujazwa na hasara haipo, kwa hiyo kung'ang'ania fedha yake hapo ni tamaa tu. Kanuni ya haki inafuata muda: akighairi saa 48 kabla au zaidi, arbuni inarudi yote. Akighairi ndani ya saa 48, inahamia miadi mpya mara moja tu. Asipotokea bila taarifa, imekwenda. Msiba na ugonjwa vipewe mstari wao, kuhamisha bila maswali, ingawa wasusi wana hadithi zao za mabibi waliofariki zaidi ya mara moja.

Fedha ya rasta isichanganywe na arbuni. Rasta nyeusi, namba 1 au 1B, saluni inaweza kumsukia mtu yeyote. Lakini mteja akiagiza namba 350, ile ya rangi ya shaba, na msusi akaenda Kariakoo kununua pakiti 6, pakiti hizo ni za mteja hata asipokuja. Barua iseme azichukue, au azilipie kando.

Namna ya kutuma nayo inahitaji sentensi mbili. Kwanza, ya kutolea. Mteja akituma 20,000 kamili kwa namba ya kawaida ya simu, msusi hatatoa 20,000 mkononi, kwa sababu wakala ana makato yake. Barua iseme kama inataka "na ya kutolea", au itoe namba ya Lipa kwa Simu ili mjadala uishe. Pili, jina. Mji umejaa ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mteja anayesubiri kuambiwa atume arbuni ni mawindo mepesi. Saluni iandike kwenye barua namba moja na jina litakalotokea kwenye skrini kabla ya namba ya siri, na iongeze kwamba haitabadilisha namba hiyo kwa ujumbe mfupi kamwe.

Na saluni ikichelewa yenyewe? Hapa barua nyingi hukaa kimya, na ukimya huo mteja anausikia. Kama mteja aliyefika kwa wakati anawekwa benchi zaidi ya dakika 30, naye apewe haki ileile: kuondoka na arbuni yake, siku hiyohiyo, bila kuombwa asubiri "kidogo tu mama".

Sehemu ya mwisho, matunzo, ndiyo inayoandikwa kwa uvivu zaidi. "Karibu tena" haitoshi. Mteja aliyesukwa Ijumaa, tuseme kwa ajili ya sendofu ya Jumamosi, atoke na tarehe zilizoandikwa kabla hajainuka kitini. Ya kwanza ni ndani ya siku 7, bila malipo, kwa msuko uliofyatuka au unaovuta. Ya pili ni wiki ya tatu hivi, kuosha ngozi ya kichwa na kusuka upya mistari ya mbele, ambako nywele mpya huonekana mapema. Ya tatu ni wiki ya nane, kufumua. Hizo mbili za mwisho zina bei, na bei iandikwe.

Ile ya siku 7 ina sababu ya kitabibu. Msuko ukibana sana, kingo za mbele na pembeni mwa masikio huanza kusema: maumivu hata ukilala, vipele vidogo kwenye shina, ngozi iliyovutwa hadi inang'aa. Hali hiyo ikirudiwa mwaka hadi mwaka, nywele za kingo huondoka, na mashina yakishageuka kovu hazioti tena. Si ugonjwa wa nywele za Kiafrika peke yao. Maelezo ya mwanzo ya kitabibu, mwaka 1907, yalihusu wanawake wa Grinilandi waliokuwa wakibana nywele zao kwa nguvu utosini. Mapema, dawa yake ni kulegeza. Kwa hiyo mteja asivumilie kwa kuogopa kuonekana msumbufu, na barua imwambie hivyo kwa maneno yaleyale.

Ombi la matunzo liwe fupi, kwa namba ileile ya miadi: jina, tarehe ya kusukwa, shida au huduma inayotakiwa, siku mbili zinazomfaa, na picha moja ya kingo za mbele iliyopigwa mchana. Mfano: "Mteja wa Ijumaa tarehe 6, notlesi ya kati. Kushoto juu ya sikio panauma tangu jana. Naweza kuja Jumatatu asubuhi au Jumanne jioni." Kwa picha hiyo msusi ataona kama ni misuko minne ya kufumuliwa, kazi ya nusu saa, au kama kuna usaha na uvimbe. Vikiwepo, jibu la saluni ni moja: fumua sehemu hiyo leo, nenda hospitali, sisi tutakusuka pakishapona.

Wiki ya nane ina mtego wake. Mteja hupenda kufumua asubuhi na kusukwa upya mchana, safari moja, nauli moja. Msusi akikubali, kingo zilizobeba uzito miezi miwili zinarudishwa kazini siku ileile. Barua nzuri hutenga wiki moja au mbili kati ya kufumua na kusuka, na hueleza kwamba arbuni ya mtindo mpya hulipwa siku ya kufumua, msusi akishaziona kingo kwa macho yake.