Mkono wa Sweta Uliopungua Mistari Mitano

Mfumaji amefika karibu na kwapa. Amemaliza sehemu ndefu ya mkono wa sweta, anasoma maelekezo apate hatua inayofuata, nayo yanamwambia: upande wa mbele ukikutazama, funga vitanzi 4. Anageuza kazi yake mkononi. Upande unaomtazama ni wa nyuma.

Kwa asiyefuma hili ni jambo dogo, kwa mfumaji ni kengele. Sweta inayofumwa kwa sindano mbili huenda na kurudi: mstari wa kwanza unaufuma ukitazama mbele, unageuza, wa pili unaufuma ukitazama nyuma. Ukianza mbele, basi mistari yote ya namba witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, ni ya mbele, na ya namba shufwa ni ya nyuma. Hakuna namna ya kulikwepa hilo. Mtu akijikuta upande usio wake, ama yeye amekosea kuhesabu au aliyeandika maelekezo ndiye aliyekosea. Kabla ya kumwandikia mwandishi, inampasa ajue ni nani kati yao.

Tutumie mfano niliouandaa kwa ajili ya makala haya. Mfumaji wa Njombe, ambako sweta mwezi Juni si pambo, amenunua maelekezo ya sweta ya mtoto kutoka kwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Sweta ina saizi tatu, za miaka 8, 10 na 12, naye anafuma ya miaka 10. Uzi ni wa unene wa kati, sindano ni za milimita 4, na kipimo ni vitanzi 22 na mistari 28 kwa kila sentimita 10. Baada ya pindo la mkononi ana vitanzi 42. Kuanzia hapo maelekezo yanasema hivi:

"Mstari unaofuata (mbele): ongeza kitanzi 1 kila upande. Rudia kuongeza hivyo kila mstari wa 6 hadi vitanzi viwe 66. Sasa umefuma mistari 72. Fuma mistari 18 bila kuongeza."

Tuipige hesabu taratibu. Kutoka 42 hadi 66 ni vitanzi 24. Kila mara ya kuongeza huleta viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo ni mara 12. Mara ya kwanza ni mstari wa 1, ya pili ni wa 7, ya tatu ni wa 13, na ya 12 inaangukia mstari wa 67. Maelekezo yanasema 72. Mistari 5 haionekani.

Inapotelea mahali ambapo hesabu za namna hii hupotelea mara nyingi. Ukisimamisha nguzo 12 za uzio, nafasi kati yake ni 11, si 12. Hapa nguzo ni mistari ya kuongeza. Nafasi 11 za mistari 6 ni 66, jumlisha mstari ule wa kwanza, unapata 67. Mwalimu amezidisha 12 kwa 6. Hesabu yake ni sahihi kabisa kwa mtu anayefuma mistari 5 mitupu kwanza, ndipo aongeze kwenye wa 6. Lakini maneno yake yanasema uongeze kwenye mstari unaofuata, papo hapo. Maneno na namba vimeanza kuhesabu mahali tofauti.

Mfumaji mwangalifu hujishuku kwanza, na kuna namna ya kujikagua. Tandaza mkono wa sweta upande wa mbele juu, uhesabu alama za V zilizopandana, kuanzia pale pindo linapoishia. Kila V ni mstari mmoja. Vitanzi vilivyoko kwenye sindano navyo ni mstari, kwa kuwa vimekwisha kufumwa, na hapo ndipo wengi hupoteza mmoja. Ndiyo sababu tofauti ya mstari mmoja nisingeiandikia barua. Wengine huelewa "kila mstari wa 6" kuwa ni kufuma 6 mitupu kisha kuongeza, na hao huishia kwenye mstari wa 78. Kwa hiyo ukikuta 66 au 68 umeteleza kuhesabu, na ukikuta 78 umesoma vibaya. Tofauti ya 5 kamili, yaani 6 kasoro moja, ni alama ya nguzo na nafasi, na hiyo inatoka kwenye karatasi.

Kuna ushahidi wa pili, nao ndio unaoipa barua uzito: saizi nyingine. Miaka 8 huanza na vitanzi 40 na kufika 62, mara 11 za kuongeza, na maelekezo yanatoa mistari 66. Miaka 12 huanza na 44 na kufika 70, mara 13, na maelekezo yanatoa 78. Mara zote ni idadi ya kuongeza mara 6. Kama kosa lingekuwa la chapa, lingegusa saizi moja. Likikaa kwenye saizi zote kwa kiasi kilekile, limo ndani ya njia ya kukokotoa, na mwandishi akielezwa hivyo anajua pa kwenda kutazama.

Na ushahidi wa tatu ni mchoro wa vipimo. Mchoro wa saizi ya miaka 10 unaonyesha sentimita 32 kutoka juu ya pindo hadi kwapa. Kwa kipimo cha mistari 28, mistari 90 ni sentimita 32 na nukta. 72 na 18 ni 90, sawa. Mfumaji aliyefuata maneno ana 67 na 18, yaani 85, ambayo ni sentimita 30 na kidogo. Mkono umepungua karibu sentimita 2. Tena 85 ni witiri, umeishia mbele, kwa hiyo mstari unaofuata ni wa nyuma. Ndipo kengele ilipolia.

Sasa barua. Inayoletwa kwa hasira huwa fupi: maelekezo yako hayafumiki. Mwandishi akiipata hiyo hana pa kushika. Hajui ni saizi ipi, ukurasa upi, wala toleo lipi, na huenda hitilafu aliirekebisha zamani kwenye nakala mpya. Nyingine ina kosa la upande wa pili, nalo ni la watu waungwana: imejaa radhi hadi jambo lenyewe halionekani. Barua ya mfumaji wetu ingekuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima. Ninafuma sweta yako ya mtoto, saizi ya miaka 10, kutoka kwenye nakala iliyoandikwa Toleo la 2 chini ya ukurasa wa kwanza. Mgongo na kifua vimekaa vizuri, na kipimo changu ni vitanzi 22 na mistari 28 kama ulivyoelekeza.

Kwenye mkono, ukurasa wa 4, naomba unisaidie. Nimeongeza kwenye mstari wa kwanza baada ya pindo, kisha nikafuma mistari 5 mitupu kati ya kila kuongeza. Nimefikisha vitanzi 66 kwenye mstari wa 67, ilhali maelekezo yanataja 72. Baada ya ile 18 ya mwisho nimejikuta upande wa nyuma, na mkono ni mfupi kuliko mchoro kwa mistari 5. Nimejaribu hesabu ya saizi ya miaka 8 na ya 12, nazo zina tofauti hiyohiyo ya 5.

Sijui ulikusudia lipi: kuongeza kwa mara ya kwanza kuwe kwenye mstari wa 6, au kubaki kwenye wa 1 na mistari mitupu ya mwisho iongezwe. Kama ni mimi niliyesoma vibaya, naomba unielekeze. Kwa sasa nimeuweka mkono kando bila kufunga vitanzi.

Wako mwanafunzi."

Tazama anachokiacha. Hasemi "umekosea". Adabu kwa mkubwa imo, lakini kuna sababu nyingine iliyo ya kazi tupu: mfumaji anajua kwamba vitu viwili havipatani, hajui kipi kati yake ndicho kibovu. Mchoro unaunga mkono jumla ya 90. Maneno "mstari unaofuata (mbele)" yanaungwa mkono na desturi, maana waandishi wengi huweka kuongeza upande wa mbele, ambako mfumaji anaona vizuri anachofanya. Kuongeza kwenye mistari ya 6, 12 hadi 72 kungefanyika upande wa nyuma muda wote. Inawezekana, ila ni usumbufu ambao mwalimu hangemchagulia mwanafunzi kwa makusudi. Ushahidi unavuta huku na huku, na aliyebuni sweta ndiye anayeweza kukata shauri.

Jambo la kuweka kazi kando bila kufunga nalo si la kupamba barua. Linamwambia mwandishi kwamba jibu lake bado lina faida. Likichelewa, mfumaji anaweza kuongeza mistari 5 mwenyewe na kuendelea, mradi aandike pembeni alichofanya. Hatari iko kwenye mkono wa pili. Mtu akifuma wa kwanza kwa maneno na wa pili kwa namba, mmoja unapanuka mapema na mwingine unachelewa, na tofauti inaonekana ukiilaza mikono pamoja kabla ya kushona.

Watu huuliza kosa la namna hii linapitaje wakati mwandishi mwenyewe aliifuma sweta hiyo. Aliifuma, lakini kwa daftari lake, na huenda saizi moja tu. Namba za saizi nyingine hutoka kwenye jedwali, na jedwali likipewa kanuni ya "mara za kuongeza kuzidisha 6" litajaza safu nzima bila kulalamika. Waliomfumia majaribio nao huenda walitumia rula, wakafika sentimita 32 na kuendelea bila kuhesabu mstari hata mmoja. Ndiyo maana mashirika yenye uwezo humlipa mhakiki asiyeshika sindano kabisa: yeye hukaa na kalamu akijumlisha, akiuliza kila namba imetoka wapi na kila mstari umeishia upande gani.

Mwalimu akikubali kwamba maneno yabaki, marekebisho yanatosha kwenye kipande cha karatasi cha kubandika ukurasa wa 4. Namba ya kwanza ni ya saizi ndogo, zilizo kwenye mabano ni za kubwa: "Sasa umefuma mistari 61 (67, 73). Fuma mistari 21 (23, 25) bila kuongeza." Zamani ilikuwa 16 (18, 20). Tofauti ni 5 kila mahali, na jumla ya mistari ya mkono haikuguswa. Aliyekwisha kufuma mkono mmoja kwa kuongeza kwenye mstari wa 6 hana haja ya kufumua: urefu wake ni uleule, afume wa pili kwa namna hiyohiyo.