Riba Inayoingia Ukutani

Fundi mkuu alinikabidhi daftari lake la stoo, jalada limekakamaa kwa vumbi la saruji. Ndani, kwa kalamu ya bluu: "Nondo za milimita 12, vipande 80, Ijumaa."

"Ijumaa ipi, mzee?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada, nondo zimeshazama ndani ya nguzo. Ijumaa itakusaidia nini?"

Ilikuwa inisaidie sana. Mwenye mradi ni kampuni ya kukoboa mpunga mkoani Morogoro, iliyoamua kujijengea ghala yenyewe bila mkandarasi. Vifaa inanunua yenyewe, mafundi inawalipa kila Jumamosi, na sehemu kubwa ya fedha imetoka benki. Riba ya fedha hizo haiendi yote kwenye hasara ya mwaka. Sehemu yake ni gharama ya jengo, kama zilivyo saruji na kokoto, na inabaki humo hadi jengo lichakae. Ili kuijua sehemu hiyo ni kiasi gani, sharti nijue kila shilingi iliingia kwenye jengo lini.

Kanuni hii iko katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 23. Zamani kampuni ilikuwa na hiari ya kuitupa riba yote kwenye matumizi ya mwaka. Hiari hiyo ilifutwa na marekebisho ya 2007, yaliyoanza kutumika Januari 2009. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa tangu 2004, kwa hiyo kampuni inayofunga hesabu zake kwa viwango hivyo haina pa kukwepea. Ghala linalochukua mwaka na zaidi kujengwa linaingia moja kwa moja kwenye kanuni. Pikipiki iliyonunuliwa ikiwa tayari kutembea haiingii, hata kama imenunuliwa kwa mkopo.

Sababu yake haina maajabu. Kama kampuni ingenunua ghala lililokwisha kujengwa, muuzaji angekuwa ameshaitia riba yake ndani ya bei. Anayejijengea naye analipa muda huo wa kungoja, ila kwake riba inamfikia kwa barua ya benki badala ya kujificha ndani ya bei.

Sasa tarakimu. Nimezirahisisha ili zifuatike, na kila malipo nimeyaweka tarehe mosi ya mwezi. Mwaka wa hesabu unaanza Januari na kuishia Desemba. Januari zililipwa shilingi milioni 120 za kusafisha kiwanja na msingi. Aprili milioni 160 za nguzo na kuta. Julai milioni 200, nyingi zikiwa za vyuma vya kupaulia na bati. Oktoba milioni 120 za sakafu na milango. Siku ya mwisho ya Desemba zikalipwa milioni 50 za nyaya na taa. Jumla milioni 650.

Kosa la kwanza, ambalo nami nililifanya nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii hadi mkaguzi akanirudishia majedwali, ni kuichukua hiyo 650 na kuizidisha kwa riba ya mwaka. Kibarua aliyeanza kazi Julai halipwi tangu Januari. Pesa nayo ni vivyo hivyo: milioni 200 za Julai zimekaa kwenye jengo miezi sita tu, na zimekula riba ya miezi sita tu.

Kwa hiyo kila malipo tunayapima kwa muda wake. Milioni 120 za Januari zimefanya kazi miezi yote 12, zinabaki 120. Milioni 160 za Aprili zimefanya kazi miezi 9 kati ya 12, zinahesabiwa kama 120. Milioni 200 za Julai ni nusu mwaka, yaani 100. Milioni 120 za Oktoba ni robo mwaka, yaani 30. Zile 50 za tarehe 31 Desemba hazikupata muda wowote, ni sifuri. Ukijumlisha unapata milioni 370. Huo ndio wastani wa matumizi yaliyolimbikizwa, uliopimwa kwa muda. Maana yake ni kwamba, kwa jicho la riba, ghala lile ni sawa na lingekuwa limeshikilia milioni 370 kuanzia siku ya kwanza ya mwaka hadi ya mwisho.

Hapa ndipo Ijumaa ya fundi mkuu inapoingia. Na tarehe ninayoitaka si ya nondo kufika, ni ya pesa kutoka. Mwezi Juni kampuni ilichukua saruji kwa mali kauli kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bila riba, ikalipa Julai. Saruji iliingia kwenye zege Juni, lakini kwenye hesabu yangu inaanzia Julai, kwa sababu mwezi mzima uliokuwa katikati hakuna shilingi ya mkopo iliyokuwa inaila riba kwa ajili yake. Kama duka lingetoza riba kwa mali kauli hiyo, ningeanzia Juni.

Wastani ukipatikana, swali ni riba ya mkopo upi. Kampuni ilikuwa na mikopo ya aina mbili. Wa kwanza ulichukuliwa kwa ajili ya ghala tu: milioni 300 kwa asilimia 14, zote zikatolewa tarehe mosi Januari. Mingine ilikuwepo tayari kwa shughuli za kawaida: mkopo wa milioni 400 kwa asilimia 15, na ovadrafti iliyokuwa kwa wastani milioni 100 kwa asilimia 20.

Mkopo wa ghala unachukuliwa kwa riba yake halisi, yaani milioni 42 kwa mwaka. Lakini angalia: Januari zilitumika 120 tu, zikabaki milioni 180 hazina kazi. Mwenye kampuni hakuziacha zilale, aliziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 6. Aprili akatoa 160, zikabaki 20 hadi Julai. Miezi hiyo sita ilimpa faida ya shilingi milioni 3, na kiwango kinataka faida hiyo ipunguzwe kwenye riba inayoingia kwenye jengo. Zinabaki milioni 39.

Kisha mikopo ya kawaida. Hakuna anayeweza kusema bati limenunuliwa kwa ovadrafti au kwa mkopo wa asilimia 15, fedha zimeshachanganyika. Kwa hiyo tunatafuta kiwango kimoja cha wastani: riba ya milioni 60 ya mkopo na milioni 20 ya ovadrafti, jumla 80, gawa kwa deni la milioni 500. Asilimia 16. Ukichukua tu 15 na 20 ukazigawa mbili utapata asilimia 17.5, na utakuwa umeipa ovadrafti ndogo sauti sawa na mkopo unaoizidi mara nne.

Kiwango hicho tunakizidisha kwa nini? Wengi wanajikwaa hapa. Jibu la haraka ni kutoa mkopo wa ghala kwenye wastani: 370 toa 300, inabaki 70. Wamarekani wana kanuni yao tangu 1979, na kwenye vitabu vyao vya kufundishia hesabu huenda namna hiyo. Lakini sisi tumeshazitoa zile pesa zilizolala benki upande mmoja, hatuwezi kujifanya tena upande wa pili kwamba zilikuwa ndani ya ghala tangu Januari. Zifuate kwa tarehe. Mkopo wa milioni 300 ulilipa 120 za Januari, 160 za Aprili na 20 za mwanzo za Julai, ukaisha. Kilichobebwa na mikopo ya kawaida ni milioni 180 za Julai kwa nusu mwaka, ambazo ni 90, na 120 za Oktoba kwa robo mwaka, ambazo ni 30. Jumla milioni 120, si 70. Tofauti ya 50 ndiyo pesa iliyokuwa inalala benki, ikipimwa kwa muda: milioni 180 kwa miezi mitatu na 20 kwa miezi mitatu.

Asilimia 16 ya milioni 120 ni milioni 19.2. Ukiongeza zile 39 unapata shilingi milioni 58.2. Hiyo ndiyo riba inayoingia ukutani mwaka huo, na ghala linaandikwa milioni 708.2 badala ya 650.

Kabla ya kufunga jedwali kuna kufuli moja: huwezi kuingiza riba ya mikopo ya kawaida kuzidi ile iliyotokea kweli. Hapa iko mbali, 19.2 kati ya 80. Lakini nimeona kampuni inayojenga kwa akiba yake, yenye ovadrafti ndogo tu, ikizidisha matumizi yote kwa asilimia ya ovadrafti na kupata riba kubwa kuliko iliyolipa benki. Pesa ya mwenye mali haina riba, hata kama angeweza kuikopesha kwingine.

Riba iliyobaki, milioni 60.8, inakwenda kwenye matumizi ya mwaka kama kawaida. Benki haijabadilisha kitu, imechukua milioni zake 122. Kilichobadilika ni kwamba milioni 58.2 zitarudi kwenye matumizi polepole kupitia uchakavu. Ghala likipewa maisha ya miaka 40, ni takriban milioni 1.5 kila mwaka. Ndiyo maana mkaguzi huzichunguza tarehe hizi kwa jicho kali: anayetaka mwaka wake uonekane na faida nzuri ana kishawishi cha kuvuta malipo nyuma kwenye karatasi.

Kishawishi kingine ni siku ambazo kazi imesimama. Aprili ile mvua za masika zilituzuia wiki mbili na riba ikaendelea kuhesabiwa, kwa kuwa masika Morogoro ni sehemu ya kujenga. Kila mtu anajua yatakuja. Kazi ingesimama miezi mitatu kwa sababu fedha zimeisha au ndugu wanagombania mpaka wa kiwanja, riba ya miezi hiyo isingeingia kwenye jengo hata kidogo.

Mwaka uliofuata tulianzia na milioni 708.2, riba ya mwaka wa kwanza ikiwemo, kwa sababu nayo sasa ni sehemu ya jengo na nayo imebebwa na deni. Mwishoni mwa Machi umeme ulikuwa umewashwa, mizani imefungwa, na magunia ya kwanza yangeweza kuingia. Hapo hesabu ya riba ilifungwa, na salio la mkopo wa ghala likahamia kwenye kundi la mikopo ya kawaida. Geti lilipakwa rangi wiki ya pili ya Aprili. Rangi imo kwenye gharama ya ghala. Riba ya Aprili haimo.