Mpira wa Shawa na Hesi ya Nusu Inchi

Mpira wa shawa huchakaa kutoka ndani. Koili ya chuma inayong'aa ni ganda tu. Maji yenyewe hupita katika mrija laini wa plastiki au raba uliofichwa humo, ambao umebanwa kwenye kijibomba kifupi kila mwisho. Mahali unapobanwa, hasa upande wa kichwa cha kushika mkononi, ndipo unapokunjwa kila siku, na ndipo unapopasuka kwanza. Ufa ukishatokea, maji hayatoki pale pale. Huteremka ndani ya koili hadi sehemu ya chini kabisa ya mpira, na kudondoka hapo. Kwa hiyo tone linaloonekana katikati ya mpira mara nyingi limeanzia juu karibu na nati, na kuzungushia tepu pale linapodondokea hakusaidii kitu.

Uvujaji wa mpira wenyewe utengwe na uvujaji wa maungio kabla ya kununua chochote. Nati zote mbili hukaushwa kwa kitambaa, kila moja ikazungushiwa kipande cha karatasi ya chooni, kisha maji yakafunguliwa kwa dakika mbili. Karatasi ikilowa kuanzia ukingo wa nati unaoelekea ukutani au kwenye kichwa, tatizo ni washa, na washa ni kitu cha bei ndogo. Karatasi ikibaki kavu huku koili ikitoa maji, mpira umekwisha, haufai kuzibwa.

Mipira mingi ya shawa ina nati jike kila mwisho, zote za ukubwa mmoja. Nati moja ina pembe sita na hufungwa upande wa ukutani kwa spana. Nyingine imechongoka kama kikombe chembamba ili ikae kwenye kishikio, nayo hubeba kichwa. Ukubwa unaotumika Afrika Mashariki, kama ilivyo Ulaya na Ghuba, ni hesi ya nusu inchi iliyo sawa kwa urefu wake wote, ambayo kwenye pakiti huandikwa G1/2. Hesi ndizo zile ambazo mafundi wengi huziita thredi.

Jina hilo la nusu inchi limewapotosha wengi dukani. Mtu hupima dume lililo ukutani kwa rula, akapata karibu milimita 21, akaona nusu inchi ni milimita 12.7 tu, akahitimisha kwamba anahitaji robo tatu. Anarudi nyumbani na nati inayopwaya. Sababu ni kwamba jina halikutokana na upana wa hesi. Lilitokana na tundu la bomba la chuma la zamani lililopitisha maji kwa upana wa takriban nusu inchi, na hesi ilichongwa upande wa nje wa bomba hilo, juu ya unene wa chuma chake. Umbo la meno yake, lenye pembe ya nyuzi 55, linatokana na kipimo alichopendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Bomba limebadilika, jina limebaki.

Vipimo vya kweli ni viwili: upana wa dume kwa nje na umbali kati ya jino na jino. G1/2 ina upana wa milimita 20.95, na meno yake ni 14 katika kila inchi, yaani milimita 1.8 kutoka jino hadi jino. Hesi ya G3/8, ambayo hukutwa kwenye baadhi ya mipira ya sinki, ina upana wa milimita 16.7 na meno 19 kwa inchi. Robo tatu, G3/4, ina milimita 26.4. Hizi zikilazwa mezani bega kwa bega, jicho linazitofautisha mara moja; shida huja pale ambapo moja iko ukutani na nyingine iko dukani.

Asiye na kalipa anaweza kupima kwa ukanda mwembamba wa karatasi. Ukanda huzungushwa juu ya meno ya dume mara moja, ukavutwa ukakaza, na mahali unapokutana pakatiwa alama kwa kalamu. Ukinyooshwa juu ya rula, alama ya G1/2 huangukia karibu milimita 66, ya G3/8 karibu 52, na ya G3/4 karibu 83. Tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba hata mkono usio na uzoefu haukosei. Upande wa jike haupimwi hivyo; njia nyepesi ni kubeba kichwa cha zamani, au hata mpira mzima wa zamani, na kuujaribishia dukani. Nati sahihi huingia kwa vidole vitupu, mzunguko baada ya mzunguko, bila kukwama na bila kuyumba.

Lakini kuingia si kuziba, na hapa ndipo kazi nyingi za shawa huharibikia. Kwenye mpira wa shawa hesi hazizuii maji. Kazi yake ni kuvuta nati tu. Kinachozuia maji ni washa bapa ya raba iliyo ndani ya nati, inayofinywa kati ya kijibomba cha mpira na uso wa dume. Uso huo ukiwa bapa na laini, na washa ikafinywa sawasawa, kiungo hakivuji hata bila tepu. Uso ukiwa na makovu, au nati ikikwama kabla ya kuifikia washa, hakuna kukaza kutakakosaidia.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi hilo linavyotokea. Katika nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, mpira wa shawa wa mita moja na nusu umebadilishwa kwa mwingine wa urefu ule ule. Upande wa kichwa ni mkavu. Upande wa ukutani unadondosha. Nati imekazwa zaidi, bado inadondosha. Ikazungushiwa tepu nyeupe ya mabomba, ikanyamaza siku tatu, kisha ikaanza tena. Nati inafunguliwa, washa inatolewa kwa ncha ya bisibisi na kutazamwa kwenye mwanga. Ni nyororo pande zote mbili. Washa iliyofinywa huwa na duara lililobonyea kila upande, mithili ya alama ya kikombe kwenye mkate. Hii haina. Maana yake nati ilikaza, lakini washa haikuguswa.

Kisha dume la ukutani linapimwa kwa kalipa mahali pawili. Kwenye ncha linasoma milimita 20.4, milimita nane nyuma yake linasoma 20.9. Limechongoka. Si kiungo cha shawa hata kidogo, ni nipo ya kawaida ya bomba la chuma, ambayo fundi aliyejenga aliiacha ikitokeza kwenye vigae. Hesi ya nipo hunenepa kadiri inavyorudi nyuma, milimita moja kwa kila milimita 16 za urefu, kwa sababu yenyewe imekusudiwa kuziba kwa hesi na tepu ndani ya soketi. Nati ya mpira inapopandishwa juu yake huenda vizuri mizunguko minne hivi, halafu hukaza ghafla, na mkono hudhani kazi imekwisha. Tepu iliziba njia ya maji kati ya meno kwa muda, ikaloa, ikasogea kila mpira ulipovutwa. Na hata kama nati ingefika, ncha ya nipo hiyo imekatwa kwa msumeno na ina kingo kali.

Dawa ni kuitoa nipo na kuweka kiungo cha ukutani kilichotengenezwa kwa ajili ya mpira wa shawa. Kina upande mmoja unaoingia ukutani, na upande wa pili wenye hesi iliyo sawa na uso bapa. Tepu ina mahali pake hapa, lakini ni upande wa ukutani peke yake, ikizungushwa kufuata njia ya kukazia. Kama soketi iliyo ndani ya ukuta ni elbo ya plastiki yenye shaba katikati, nguvu ipunguzwe: ikikazwa kupita kiasi, shaba huzunguka ndani ya plastiki, na kazi ya dakika kumi hugeuka kazi ya kuvunja vigae.

Kichwa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani huzua swali la namna hiyo hiyo. Huko nusu inchi pia ina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino ni nyuzi 60, na bomba linalotoka ukutani limechongoka. Nati ya mpira na kichwa cha mkononi kwa kawaida hushikana vizuri, maana kinachoziba ni washa. Pasipofaa kuchanganya ni ndani ya ukuta, ambako hesi ndizo zinazotegemewa kuziba.

Kubadilisha mpira kwenyewe ni kazi fupi. Maji hufungwa, ya moto na ya baridi, kisha koki hufunguliwa ili yaliyobaki yatoke. Penye maji ya chumvi na chokaa, kama visima vingi vya pwani na Zanzibar, nati ya zamani huwa imeganda. Kitambaa kilicholoweshwa siki kikizungushiwa kwa saa moja huilegeza. Spana malaya ishike nati, na spana ya pili ishike kiungo cha ukutani, vinginevyo kiungo chenyewe ndicho kitakachofunguka. Baada ya nati kutoka, tundu lake na uso wa dume vikaguliwe kwa kidole: washa ya zamani hupenda kubaki imegandia, na mpya ikiwekwa juu yake hukaa mshazari na kuvuja. Chokaa iliyoshika uso husuguliwa hadi chuma kionekane.

Washa mpya huwekwa kila mwisho, nati hukazwa kwa mkono hadi igome, kisha ile ya pembe sita huongezwa robo mzunguko kwa spana iliyowekewa kitambaa kulinda kromu. Nati iliyochongoka, hasa ya plastiki, huishia kwenye mkono. Karatasi ya chooni hurudishwa kwenye nati zote mbili, maji hufunguliwa, na kichwa huzungushwa kama wakati wa kuoga.

Mpira wa shatafu una nati za ukubwa huo huo, na kwa sababu hiyo watu huweka mpira wa shawa mahali pake. Hesi zitakubali, lakini kazi ni tofauti. Shawa iko wazi mbele, na koki ikifungwa mpira hubaki bila shinikizo. Shatafu hufungwa kwa kifyatuo mkononi, na koki ya ukutani ikiachwa wazi mpira hubeba shinikizo la tangi usiku na mchana. Unahitaji mpira uliotengenezwa kwa hilo, na koki ifungwe kila baada ya kutumiwa.